Bangili na cheni za dhahabu, za wazi ndani na zilizojaa: uzoefu wangu

Bangili ninayoizungumzia hapa ni ya karati 18, ya mviringo, yenye unene wa milimita 5. Ukiiona mkononi utadhani ni mali ya gramu 60 hivi, lakini kwenye mzani ina gramu 12 tu, kwa sababu ndani ni wazi. Nimeivaa sambamba na bangili nyembamba iliyojaa yenye uzito karibu huohuo, pamoja na cheni za aina zote mbili. Maoni yangu yanatokana na kuzivaa, kuzipeleka kwa sonara na kuulizia bei ya kuziuza.

Tuanze na uzito, kwa kuwa ndio unaoamua mengine yote. Bangili ya wazi hutengenezwa kwa bati jembamba la dhahabu, mara nyingi likifunikwa juu ya kiini cha shaba, chuma au alumini. Ikishapata umbo, kiini huyeyushwa kwa tindikali isiyodhuru dhahabu na kutolewa kupitia vitundu vidogo. Kinachobaki ni ganda. Ganda la robo milimita kwenye bangili ya milimita 5, yenye upana wa ndani wa milimita 60, linatoa gramu 12 hivi. Bangili iliyojaa ya vipimo hivyohivyo ingefika gramu 62. Ukizichukua zile gramu 12 na kutengeneza bangili iliyojaa, utapata waya wa unene wa milimita 2.2 tu. Basi swali la kujiuliza dukani ni moja: kwa gramu hizi, nataka bangili inayoonekana kubwa au inayodumu?

Muuzaji mwaminifu atakwambia ipi ni ipi bila kuulizwa. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, tumia mzani mdogo unaosoma sehemu ya kumi ya gramu. Pima bangili ikiwa kavu. Kisha weka bakuli la maji juu ya mzani, urudishe kwenye sifuri, na uitumbukize bangili ikining'inia kwa uzi, izame yote bila kugusa kitako wala ukingo wa bakuli. Namba inayoonekana ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito kwa namba hiyo. Bangili yangu ya wazi ina gramu 12, na majini mzani husoma 4, kwa hiyo jibu ni 3. Dhahabu ya karati 18 iliyojaa hutoa jibu la karibu 15, na ya karati 21 hukaribia 17. Ukiona mapovu yanatoka majini, vitundu havikuzibwa na maji yanaingia ndani. Hapo kipimo hakiaminiki, na bangili inahitaji kukaushwa vizuri sana.

Sasa kubonyea. Robo milimita ya dhahabu haina cha kuiegemeza kwa ndani. Ukigonga ukingo wa sinki, ukifunga mlango wa gari kwa haraka, au ukivaa bangili tatu za wazi pamoja zikagongana siku nzima, mabonyeo lazima yatokee. Karati 22 ni laini kuliko 18, kwa hiyo ganda la unene uleule hubonyea upesi zaidi. Bangili iliyojaa nayo hupata mikwaruzo, na ikikandamizwa hupinda na kuwa yai, lakini sonara huivisha kwenye mti wa kunyooshea, akaigonga kwa nyundo ya mbao au plastiki, na mduara ukarudi.

Kwa cheni hatari ni nyingine. Cheni ya wazi, hasa ile ya kusokotwa kama kamba, huvunjika shingo ikikunjwa vibaya: ganda hubonyea mahali pamoja, na cheni haikai tena sawa hata ukiinyoosha. Tatizo la pili huja polepole. Pete za cheni husuguana pale zinapoungana, na kidani kizito huongeza msuguano. Pete iliyojaa hupungua unene taratibu, nawe unaiona na kuiwahi kabla haijakatika. Pete ya wazi hutoboka. Kagua sehemu ya nyuma ya shingo karibu na kifungio kwa lenzi. Ukiona tundu lenye kingo kali, au cheni imeanza kuvuta nyuzi za nguo, ganda limeisha hapo na pete nyingine ziko mbioni. Kwa sababu hiyo sitii kidani kizito kwenye cheni ya wazi, hata ionekane nene kiasi gani.

Matengenezo ndiyo yaliyonifanya niache kununua cheni za wazi. Bonyeo haliwezi kusukumwa kutoka ndani kwa kuwa hakuna njia ya kuingiza chombo. Fundi huchomelea kijiti juu ya bonyeo, akalivuta, akakata kijiti na kupiga msasa. Kila msasa unapunguza ganda ambalo tayari ni jembamba. Njia nyingine ni kuikata bangili, kuingiza kijiti cha chuma na kuiunganisha upya. Moto nao ni hatari. Maji, sabuni au masalia ya tindikali yaliyonasa ndani yakipata moto hugeuka mvuke, na kama hakuna tundu la kutokea, ganda hutumka au kupasuka. Hata bila maji, ganda huyeyuka kabla fundi hajawahi kuondoa moto, na lehemu huingia ndani badala ya kubaki kwenye mshono. Kwa hiyo mwulize fundi mambo mawili kabla hujamwachia kitu chako: atatoboa tundu la hewa wapi, na kama ana mashine ya leza, ambayo hupasha sehemu ndogo sana. Akijibu kwamba ni kazi ya moto wa kawaida kama cheni nyingine, chukua cheni yako uondoke. Cheni iliyojaa iliyokatika ni kazi ndogo: pete moja, lehemu kidogo, kung'arisha, basi.

Kwenye kuuza, watu wengi wanaamini dhahabu ya wazi hununuliwa kwa bei ndogo kwa gramu. Ikiwa safi, gramu ni gramu. Hasara iko kwenye ujira wa ufundi, ambao haurudi. Tuchukulie gramu ya karati 18 ni 100, kwa fedha yoyote. Bangili ya wazi ya gramu 12 yenye ujira wa asilimia 25 utainunua 1,500. Iliyojaa ya gramu 12 yenye ujira wa asilimia 10 utailipia 1,320. Mnunuzi akikata asilimia 5, zote mbili atazinunua 1,140. Umepoteza 360 kwa ya kwanza na 180 kwa ya pili, na bado hatujagusa bonyeo, ambalo huifanya ya wazi isiuzike tena kama pambo bali kama dhahabu ya kuyeyusha.

Mnunuzi makini pia ataomba kuikata ya wazi ili aone kama ndani kuna nta, lakiri au mabaki ya kiini. Ombi hilo ni halali, lakini kubalianeni bei ya gramu kwanza, kwani ikishakatwa huna la kuchagua. Lehemu nyingi za matengenezo nazo hushusha karati ikiyeyushwa. Kwa hiyo siku ya kununua, risiti yako iandikwe uzito, karati, bei ya gramu na ujira, kila kimoja kwa mstari wake, na neno "wazi ndani" au "imejaa" lisomeke juu yake.

Ya wazi bado naivaa kwenye harusi na sikukuu, na hereni kubwa ningechagua za wazi daima, kwa kuwa tundu la sikio halibebi uzito. Bangili ya kila siku na cheni ya kubeba kidani, nalipia iliyojaa hata iwe nyembamba.