Kabla Hujalipia Jiko la Gesi, Soma Namba ya Jeti

Malalamiko mnayoniandikia kuhusu majiko ya gesi yanakaribiana sana. Sufuria zinashika masizi, mtungi wa kilo 6 unaisha mapema, na ukirudi dukani muuzaji anakwambia gesi ya siku hizi imechakachuliwa. Dada mmoja wa Kansanga, Kampala, alinunua jiko la mtumba lililotoka Uingereza, vichomeo vinne na oveni yake, halina hata mkwaruzo. Akanitumia picha: moto wa njano, mrefu, unalamba sufuria ya matoke hadi kwenye mfuniko. Nilimwomba ainue kichomeo kikubwa achungulie chini yake. Katikati ya kikombe kuna kijipande cha shaba chenye tundu dogo, na ubavuni kimegongwa namba. Yake ilisomeka 115.

Gesi yake haina tatizo lolote. Kijipande hicho, ambacho mafundi wanakiita jeti, ndicho chenye shida, na ndicho ambacho wanunuzi wengi hawakiangalii. Rangi ya jiko, ukubwa wa oveni, kiberiti cha umeme, hayo mtayaona wenyewe dukani. Mimi nataka tuzungumzie jeti.

Namba hiyo ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 115 ni milimita 1.15. Kwa kichomeo kikubwa cha kilowati 3 hicho ndicho kipimo cha gesi asilia, ile inayoingia majumbani Ulaya kwa bomba na ambayo karibu yote ni methani. Sisi Uganda tunapikia gesi ya mtungi, yaani propani na butani. Kwa gesi hiyo, kichomeo kilekile huwekewa jeti ya 85 hivi. Cha kati huwa na 65 badala ya 97, na kidogo 50 badala ya 72. Namba hutofautiana kidogo kati ya kiwanda na kiwanda, lakini hazipishani sana.

Tofauti ya 115 na 85 inaonekana ndogo, ila gesi hupita kwenye eneo la tundu, na eneo hufuata upana uliozidishwa kwa wenyewe. 115 mara 115 ni 13,225. 85 mara 85 ni 7,225. Gawanya, unapata 1.83. Kwa hiyo jiko la yule dada lilikuwa likimwaga karibu mara mbili ya gesi inayotakiwa. Kichomeo cha kilowati 3 hula takribani gramu 218 za gesi kwa saa moto ukiwa wote. Kwa jeti ile kinakula karibu gramu 400. Mtungi wa kilo 6 ambao ungewaka saa 27 kwenye kichomeo hicho unaishia saa 15.

Kupotea kwa gesi ni nusu ya hasara. Nusu nyingine ni hewa. Ujazo mmoja wa methani unahitaji kama ujazo 10 wa hewa ili uungue wote, propani inahitaji 24 na butani 31. Jiko halina feni. Gesi inayochomoka kwa kasi kwenye tundu ndiyo inayovuta hewa na kuingia nayo kwenye koo la kichomeo. Ukipitisha gesi nzito, tena nyingi kupita kiasi, kwenye koo lililopangiwa kiasi kidogo, hewa haitoshi. Kaboni isiyoungua ndiyo inayong'aa njano, na ikigusa sufuria baridi inakuwa masizi. Pamoja nayo inatoka kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na inaua. Jikoni kwa chumba kimoja, dirisha limefungwa kwa sababu ya mvua, usiwashe jiko la namna hiyo.

Ushauri unaonikera kuliko wote ni ule wa "punguza kwenye regyuleta." Regyuleta ya nyumbani hutoa milibari 28 hadi 30, na jeti ya 85 imepigiwa hesabu hiyo. Ukishusha presha huku tundu ni pana, gesi inatoka kivivu na haivuti hewa ya kutosha. Moto unakuwa mfupi lakini unabaki njano. Wapo pia wanaoziba tundu kwa risasi ya kulehemia na kulitoboa upya kwa sindano. Tundu likienda upande, gesi inapiga ukuta wa koo badala ya kupita katikati, na hewa inapungua tena.

Sasa ya kununua. Namba moja kwangu ni jiko jipya la Beko, na nasema wazi kwamba nalipendelea. Kitabu chake kina jedwali la jeti: kila kichomeo, kila aina ya gesi, namba yake. Hata fundi ambaye hajawahi kuliona jiko lenyewe anajua aweke nini. Ila soma kibandiko cha nyuma au cha ndani ya droo ya chini. Unataka kiseme limepangwa kwa G30, yaani gesi ya mtungi, milibari 28-30. Kikisema G20, milibari 20, limepangwa kwa gesi asilia, hata kama ni jipya na bado lina nailoni.

Namba mbili ni mtumba wa Ulaya, lakini kwa sharti kwamba jeti za gesi ya mtungi za modeli hiyohiyo zipo mkononi kabla hujalipa. Kuzibadilisha si kazi kubwa: funga mtungi, inua kichomeo, fungua kwa soketi, mara nyingi ya 7, weka ya namba sahihi. Kisha kuna skrubu ndogo kwenye vali chini ya kitufe, inayopima moto mdogo. Kwa gesi ya mtungi kwa kawaida hukazwa hadi mwisho. Wengi wanaisahau, halafu wanashangaa maharage yanaungua kwenye moto wa chini kabisa. Oveni nayo ina jeti yake. Maliza kwa povu la sabuni kwenye maungio, uone kama yanavuja.

Jiko dogo la mezani la vichomeo viwili huja likiwa na jeti za gesi ya mtungi. Linatosha kwa aliyebanwa na fedha.

Mwenye ng'ombe na mtambo wa biogesi asinunue lolote kati ya haya kwa gesi hiyo. Biogesi ni methani iliyochanganyika na hewa ya ukaa, presha yake ni ndogo, na kwenye jeti ya 85 itatoa kimoto cha kuchemshia kikombe. Atafute jiko la biogesi lenye tundu pana.

Na wauzaji, hili mnatuonea. Majiko mengi hutoka kiwandani na kifuko cha jeti za ziada kimefungwa ndani ya oveni. Mteja akifika kifuko hakipo, na wiki ijayo anauziwa jeti hizohizo juu ya kaunta, moja moja, kwa bei ya kujitungia. Yule dada wa Kansanga aliambiwa zake hazipatikani kabisa, mpaka alipokataa kuondoka dukani bila kurudishiwa fedha. Zilitoka kwenye kabati nyuma ya muuzaji. Mkiwa dukani fungueni oveni, ulizeni kifuko, na kama hakipo bei ishuke.