Uzoefu wangu na Cycles ya Blender: bwawa la kuakisi mbele ya jengo, taswira bila kupinda

Kwa kurenda maji yaliyotulia mbele ya jengo la kisasa, Cycles iliyomo ndani ya Blender 4.2 naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu programu haikuambii viwimbi ulivyoweka vina mwinamo wa nyuzi ngapi, na mwinamo huo ndio unaoamua kama taswira ya jengo itasimama au itachanika. Itabidi upige hesabu mwenyewe. Nitaonyesha namna ninavyoipiga.

Mfano ninaotumia hapa ni nyumba ya ghorofa moja yenye paa tambarare Mbeya mjini, mlima Loleza ukiwa nyuma yake. Kamera iko mita 1.6 juu ya usawa wa maji. Bwawa linaanza mita 3 mbele ya kamera na kuishia mita 17. Uso wa jengo uko mita 20, ukingo wa paa uko mita 7 juu ya maji, na sakafu ya veranda iko sentimita 30 juu ya maji.

Kwanza niseme kwa nini Cycles na si EEVEE. Taswira ya majini si picha ya jengo iliyogeuzwa juu chini. Ni jengo kama linavyoonekana na jicho lililo mita 1.6 chini ya usawa wa maji, likitazama juu. Jicho hilo linaona upande wa chini wa benchi la veranda, ambao kamera haiuoni kabisa. Kupitia vioo vya chini linaona dari la sebule kwa upana zaidi, na taa zake. EEVEE inapofuatisha miale kwenye skrini hutumia kile tu ambacho tayari kipo kwenye picha, kwa hiyo sehemu hizo hujazwa kwa kubahatisha, na unaona mabaka ya anga mahali palipotakiwa kuwa na dari. Ukiweka Light Probe aina ya Plane kwenye usawa wa maji, tatizo hupungua sana maji yakiwa bapa, lakini ukishaongeza viwimbi unarudi kwenye makadirio. Cycles inafuata mwale wenyewe mpaka darini. Maana yake ni kwamba dari lazima liwepo kwenye modeli. Wengi tunaliacha wazi kwa sababu kamera hailioni, kisha maji yanatuumbua.

Jambo hilohilo ndilo linaloleta ubishi kuhusu mlima. Kutoka kwenye kamera, ukingo wa paa uko nyuzi 15 juu ya upeo: mita 5.4 za juu ya kamera kwa umbali wa mita 20. Kilele, kwa pembe niliyoiweka, kiko nyuzi 18, kwa hiyo kinachomoza juu ya paa. Kwenye maji hesabu ya paa inabadilika kuwa mita 8.6 kwa mita 20, yaani nyuzi 23, ilhali mlima ulio mbali unabaki nyuzi 18 zilezile. Basi majini paa linafunika kilele. Mteja atauliza mlima umekwenda wapi, na jibu ni kwamba picha iko sahihi. Anayegeuza picha juu chini kwenye Photoshop atampa mlima majini, na mtu atakayesimama pale siku nyumba ikiisha hatauona.

Urefu wa kamera nao unadanganya. Kuna mazoea ya kuishusha kamera karibu na maji ili "kioo kiongezeke". Kweli maji yanang'aa zaidi, lakini taswira inakatwa. Urefu wa juu kabisa wa jengo utakaoonekana ndani ya bwawa ni H = h × (D − d) ÷ d, ambapo h ni kimo cha kamera juu ya maji, D ni umbali wa jengo na d ni umbali wa ukingo wa karibu wa bwawa. Kwa mita 1.6 napata mita 9, kwa hiyo paa la mita 7 linaingia lote na anga kidogo juu yake. Nikishusha kamera hadi mita 0.6 napata mita 3.4, yaani ghorofa nzima ya juu inaangukia kwenye zege la ukingo badala ya maji. Kwa bwawa hili sishuki chini ya mita 1.25. Na kamera naiacha bila kuinama. Nikitaka kuonyesha maji zaidi natumia Shift Y kwenye lenzi, ili nguzo na taswira zake zibaki kwenye mstari mmoja wa wima.

Sasa maji yenyewe. Kosa nililokutana nalo mara nyingi kwenye mafaili ninayopokea ni sanduku la maji lililowekewa Shade Smooth. Programu inachukua wastani wa mwelekeo wa uso wa juu na wa kuta za pembeni, na uso ulio bapa unaanza kuakisi kama mgongo wa kijiko. Utalitambua hivi: katikati ya bwawa nguzo imenyooka, ikikaribia ukingo inapinda kama ndizi, ingawa hujaweka kiwimbi hata kimoja. Dawa ni Shade Flat, au kufuta sanduku na kubaki na uso mmoja wa juu. Kisha nafanya jaribio moja kabla ya kuendelea: nakili jengo, weka 3D Cursor kwenye usawa wa maji na uifanye ndiyo kitovu, bonyeza S, Z, −1, kisha ficha maji pamoja na sakafu na kuta za bwawa, na urende. Linganisha na picha yenye maji. Mistari ya jengo la chini na ya taswira lazima ilaliane kabisa. Isipolaliana, usiguse kitu kingine kwanza.

Taswira ikishakaa sawa, ndipo viwimbi. Kanuni ni kwamba uso wa maji ukiinama kwa nyuzi 1, mwale unaoakisiwa unageuka kwa nyuzi 2. Kiwimbi chenye kimo cha milimita 1 tu kutoka usawa wa kawaida, na urefu wa sentimita 20, kina mwinamo wa juu kabisa wa nyuzi 1.8, kwa hiyo mwale unageuka nyuzi 3.6. Taswira ya ukingo wa paa inaakisiwa mita 3.7 kutoka kwenye kamera, na kutoka hapo hadi paani mwale unasafiri karibu mita 17.7. Unakosea shabaha kwa mita 1.1. Hiyo inatosha kumeza fremu nzima za alumini za madirisha ya juu. Msingi wa jengo unaakisiwa karibu na ukingo wa mbali wa bwawa, na mwale wake unasafiri mita 3.2 tu, hivyo unasogea sentimita 20. Kwa hiyo kiwimbi kilekile kinaliacha jengo likiwa imara chini na kulivuruga juu. Renda yenye vurugu inayolingana kutoka msingi hadi paa inaonyesha kwamba mtu kapaka athari juu ya picha.

Nilichokubali ni kimo cha milimita 0.2. Paa linasogea kama sentimita 22: unaona maji, na bado unahesabu madirisha. Kwenye Blender nakifikia kwa Noise Texture yenye Scale 5, inayoingia kwenye Bump yenye Strength 1 na Distance 0.001. Kelele hiyo huchezea sehemu tu ya kipimo cha 0 hadi 1, ndiyo maana mita 0.001 inazaa takriban milimita 0.2 kila upande.

Kuna vitu viwili hapo vinavyoharibu kazi kimyakimya. Kimoja ni Vector ya Noise Texture kuachwa bila kuunganishwa. Hapo inatumia Generated, inayovuta kelele ienee kwenye kitu kizima: kwenye bwawa la mita 14 kwa 6, viwimbi vinakuwa vya mita 2.8 upande mmoja na 1.2 upande mwingine, na jengo linaonekana kama limechorwa kwenye mpira ulionyooshwa. Unganisha Object kutoka Texture Coordinate, kisha Ctrl+A, Scale, ili Scale 5 iwe kweli viwimbi vitano kwa mita. Cha pili ni Detail. Kila ngazi inayoongezwa ina nusu ya kimo na nusu ya urefu, kwa hiyo mwinamo wake ni uleule. Ukipandisha Detail hadi 10 hujaongeza "uhalisia". Umerundika miinamo kumi ya ukubwa mmoja, na taswira inageuka mchanga unaometameta. Mimi naiacha 0 au 1.

Kwenye Principled BSDF ya maji, Roughness iwe 0 na IOR 1.333. Mtu akitaka taswira laini asiguse Roughness, maana inatia ukungu mpaka kwenye msingi wa jengo, mahali ambapo maji halisi huwa makali kuliko popote.

Rangi ya sakafu ya bwawa nayo inaamua paa lionekane au lisionekane. Kwa pembe za mfano huu, maji yanaakisi asilimia 56 ya mwanga pale msingi unapoonekana, na asilimia 10 tu pale paa linapoonekana. Sakafu ya vigae vyeupe itaizima hiyo asilimia 10 bila shida. Kwa mawe meusi na kina cha sentimita 20, situmii Transmission kabisa: Principled BSDF yenye Base Color nyeusi ya 0.02 inatosha, na chembechembe za kelele zinapungua mno. Bwawa la kuogelea lenye vigae vya bluu ni suala jingine. Hapo Transmission inahitajika, na taswira ya paa itafifia hata ufanyeje.

Malalamiko yangu ya mwisho ni Denoise. Sampuli zikiwa chache, inayeyusha fremu nyembamba ndani ya maji huku fremu hizohizo juu ya maji zikibaki kali, na jicho linaona tofauti hiyo mara moja. Nashusha Noise Threshold hadi 0.005, naacha Passes kwenye Albedo and Normal, na kabla ya kutuma nakuza picha asilimia 200 pale taswira ya madirisha ya juu ilipo. Fremu ikiwa imekatika vipande vyenye kingo safi, ni kiwimbi. Ikiwa imeyeyuka kama nta, ni Denoise, na ninarenda upya.