Uzoefu wangu na video za maandishi: korosho ilivyoota juu ya bibo

Wakuu, nina wiki tatu natumia huduma moja ya AI, unaiandikia maelezo yanayoitwa prompti nayo inakutengenezea video, unanunua kredit, kila klipu ni sekunde 5 au 10. Nilianza sababu ya mama mdogo, anauza korosho za kukaanga hapa Mtwara mjini na alitaka kitu cha kuweka status, shamba liko Tandahimba na msimu umeshaisha, mikorosho haina kitu cha kupiga picha.

Prompti ya kwanza nikarundika kila kitu, kamera iruke juu ya shamba, ishuke, isogelee korosho, halafu mama atabasamu, na nikachagua sekunde 5. Aisee, kamera inakimbia, matawi yanayeyuka yanageuka vidole, na korosho imekaa juu ya bibo kama kofia. Mama mdogo akaangalia akasema, "Mwanangu, hii korosho ya wapi? Mteja wa huku akiiona si ananicheka?" Kweli kabisa, huku kila mtoto anajua korosho inaning'inia chini ya bibo.

Nilichokuja kugundua, jina la kitu peke yake halitoshi, lazima ueleze umbo lake na kipo upande gani. Na sekunde 5 zinabeba mwendo mmoja tu wa kamera, ukiweka mitatu inabana yote humo humo, ndo maana vitu vinayeyuka. Nikaandika hivi, kwa Kiingereza maana ndo inaelewa vizuri zaidi:

```
Close-up of one ripe red cashew apple on a
branch, one grey kidney-shaped nut hanging
from its bottom end. Slow dolly-in. Low
morning sun from the left. Leaves barely move.
```

Hiyo dolly-in ni kamera yenyewe inasogea mbele, siyo zoom inayokuza picha tu. Utaijua ukiangalia majani ya nyuma, kamera ikisogea kweli yanapishana na bibo, ikiwa zoom kila kitu kinakua pamoja. Mwanga nao, mwanzo niliandika "beautiful light" ikaniletea mng'ao wa dhahabu kila kona, nilipotaja jua liko chini na linatokea kushoto ndo kivuli kikalala upande mmoja na ngozi ya bibo ikaonekana ina unyevu.

Muda usiuandike kwenye prompti, kwa huduma hii niliandika "10 seconds" ikatoa 5 vile vile, unachagua kwenye kitufe. Na nilipoandika "no people" watu wakatokea, nikabadilisha nikaandika "empty farm" wakaondoka.

Klipu nne nilizotoa kwa prompti hii mbili zilikuwa safi, moja ilitoa korosho mbili kwenye bibo moja, na moja kamera haikusogea kabisa, ila kredit imekatwa zote nne. Nilipojaribu klipu ya pakiti, jina la biashara nalo likatoka herufi za ajabu, nikaishia kuliandika mwenyewe kwenye simu baada ya kudaunlodi. Naipa nyota 3 kati ya 5, hizo mbili zilizopungua ni za kredit.