Tafsiri ya tahadhari za kemikali: kila karatasi ya usalama kivyake, au jedwali moja la misimbo?

Kiwanda cha sabuni kina magadi ya kuchoma (NaOH) ya punje na maji yake yaliyochujuliwa hadi asilimia 1. Kwa vigezo vya Ulaya, punje hupewa msimbo H314: huunguza ngozi vibaya na kudhuru macho. Yale maji hupewa H315 na H319: huwasha ngozi, na huwasha macho vikali.

Ukitafsiri kila karatasi kivyake, sentensi hutoka laini na kazi huanza leo leo. Lakini mtafsiri wa kwanza ataandika "huchoma ngozi" kwa H314, na wa pili aandike hayo hayo kwa H315, maana mwasho mkali nao watu husema unachoma. Mfanyakazi akishazoea maji yasiyomwachia jeraha, atashika punje kwa imani ileile.

Jedwali huzuia hilo: kila msimbo una sentensi moja, "kuunguza" ni la H314 tu, "kuwasha" ni la H315 na H319. Msimbo wenyewe ubaki pembeni ya sentensi, ili mkaguzi alinganishe na karatasi asilia hata kama hajui lugha ya karatasi hiyo.

Sisi tunachagua jedwali. Kasoro yake ni kwamba kosa moja husambaa kwenye karatasi zote. Kwa hiyo kabla ya kuchapa, wasomee wachanganyaji sentensi mbili, ya H314 na ya H315, na uwaulize ipi inaacha kidonda. Wakisitasita, badilisha neno.