Ada ya mwezi imenishusha chini ya kiwango, halafu wakanitoza kwa kushuka

Sitaitaja benki kwa jina, lakini kama una akaunti ya akiba ya kawaida huku Tanzania, soma mpaka mwisho, maana huenda na wewe unanyofolewa hivi hivi.

Niliacha shilingi 52,000 kwenye akaunti ya akiba, pesa ya sare za mtoto. Sikutoa, sikuweka, sikununua hata vocha. Baada ya miezi kadhaa nikaangalia salio nikakuta 33,179. Nikaenda tawini, nikapanga foleni, nikamuuliza keshia kwa heshima zote: "Dada, naomba unisaidie, hela yangu imepunguaje na mimi sijaigusa?" Hakuangalia hata skrini. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Mama, makato yapo ukutani pale, kasome. Wenzio wanasubiri." Watu wakageuka kunitazama kana kwamba nimekwenda kuomba mkopo bila dhamana.

Basi nikasoma. Karatasi ya ukutani ni ya Kiingereza, herufi ndogo, imebandikwa nyuma ya mashine ya kuhesabia pesa. Nikapakua ile ya tovuti yao, PDF yenye kurasa kadhaa. Kilichoniudhi kwanza ni mpangilio wake. Bei ya akaunti yangu haipo mahali pamoja. Ada ya mwezi, 2,000, ipo kwenye jedwali la akaunti za akiba. Ada ya meseji za taarifa, 500 kwa mwezi, ipo kurasa mbili mbele kwenye huduma za kidijitali. Nyingine zimetupwa mwishoni chini ya "huduma nyinginezo", na hapo ndipo palipo na mambo yote mabaya. Ukisoma ukurasa wa akaunti yako peke yake utaamini unakatwa 2,000 tu.

Na hata hiyo 2,000 haiko hivyo. Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho kuna mstari unaosema tozo zote hazijajumuisha kodi. Ada za benki zina ushuru wa bidhaa asilimia 10, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Kwa hiyo 2,000 inakuwa 2,200, halafu 2,596. Kila shilingi 1,000 iliyoandikwa kwenye jedwali inatoka mfukoni mwako kama 1,298.

Hapo ndipo nilipopata njia ya kuwakamata. Usianze na jedwali, utapotea. Anza na taarifa ya akaunti yako, weka alama kila kato ambalo hukulifanya wewe, kisha gawanya kwa 1.298. Jibu likiwa namba kamili, hiyo ni ada, katafute namba hiyo kwenye jedwali. Jedwali lao likisema kodi imo ndani, usigawanye, tafuta namba kama ilivyo. Ada za asilimia, kama za kutuma pesa nyingi, nazo hazikubali njia hii.

Mwezi wa kwanza nilikuwa na kato moja, limeandikwa MTHLY CHG, 3,245. Gawanya kwa 1.298 unapata 2,500. Jedwali zima halina ada ya 2,500. Nusura nikate tamaa, halafu nikaona: ni 2,000 ya mwezi na 500 ya meseji, wamezishona pamoja kwenye mstari mmoja. Meseji zenyewe, sikilizeni: nikitoa pesa meseji inakuja kabla sijaondoka kwenye ATM, lakini wao wakikata, kimya. Nalipia kila mwezi kuambiwa ninachokijua tayari.

Mwezi wa pili kuna hiyo 3,245 na kato jipya, 1,947. Gawanya: 1,500. Nikaikuta kwenye "huduma nyinginezo": ada ya salio kushuka chini ya kiwango, 1,500 kwa mwezi. Kiwango cha chini cha akaunti yangu ni 50,000.

Fuatilia hesabu. Nilikuwa na 52,000, juu ya kiwango. Benki ikakata 3,245, nikabaki na 48,755. Nani aliyenishusha chini ya kiwango? Mimi sikutoa senti. Ni wao. Mwezi uliofuata wakanitoza kwa kushuka: 3,245 na 1,947, jumla 5,192, nikabaki na 43,563. Ukifika chini hakuna kupanda tena usipoongeza pesa, kila mwezi ni 5,192. Mwezi wa tatu 38,371, wa nne 33,179. Shilingi 18,821 zimeondoka, zaidi ya theluthi ya pesa yangu, na kila kato lina mstari wake kwenye jedwali. Riba? Wanaandika asilimia 2 kwa mwaka. Kwa 52,000 hiyo ni 1,040 kwa mwaka mzima, na inakatwa kodi ya zuio asilimia 10 kabla hujaiona. Haifikii hata ada ya mwezi mmoja.

Nilirudi tawini nimeshika karatasi yangu. Safari hii nilikaa kwa kijana wa huduma kwa wateja, na kwa haki ya Mungu lazima nimsifu. Alisoma hesabu yangu mstari kwa mstari, akachukua kikokotoo chake, akasema, "Mama yangu, hesabu yako iko sahihi." Akanionyesha kwamba benki hiyo hiyo ina akaunti isiyo na ada ya mwezi wala kiwango cha chini, unalipia tu unapotoa pesa. Ipo kwenye PDF ile ile, jedwali linalofuata! Kwa pesa inayokaa bila kuguswa, hiyo ndiyo inayofaa. Akanihamisha palepale bila gharama, akazima na meseji. Nilitoka nimepoa, nikaanza kusema moyoni kwamba benki si mbaya, ni yule dada tu. Na kweli, wamechapisha kila kitu, na kuna taasisi ambazo hata jedwali la kueleweka hazina.

Lakini nilipofika nyumbani hasira ikarudi. Kwa nini siku nafungua akaunti hakuna aliyenionyesha hiyo nyingine, na nilisema wazi kwamba ni pesa ya kuweka na kuisahau? Kwa nini wakati naomba taarifa ya akaunti iliyochapishwa nilikatwa 1,298 kwa kila ukurasa, yaani nalipia kujua ninavyokatwa? (Ombeni itumwe kwa barua pepe au ichukueni kwenye aplikesheni, yangu ilikuwa bure huko.) Na jedwali halisemi popote kama salio linapimwa kwa siku moja ya mwisho wa mwezi au kwa wastani wa mwezi mzima. Niliuliza. Kijana naye hakujua.

Ada ya mwezi na ya meseji siwadai, zimeandikwa. Ninachodai ni 1,947 mara tatu, 5,841, kwa sababu salio lilishushwa na makato yao wenyewe. Nimeandika barua kwa meneja wa tawi, nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu, maana Benki Kuu haipokei lalamiko ambalo halijapita kwanza kwa benki husika. Wakikataa au wakinyamaza, nakala hiyo na taarifa ya akaunti vinakwenda dawati la malalamiko la Benki Kuu. Na yule dada wa dirishani nimemtaja kwenye aya ya kwanza.