Kununua Orodha ya Biashara Ndogo za Kuandikia Barua Pepe: Njia Nne, Kuanzia Bora Hadi Isiyofaa

Mtu anayetaka kuuza huduma yake kwa biashara ndogo kwa kuziandikia barua pepe bila kufahamiana nazo hukutana na wauzaji wa aina mbili: wanaouza anwani na wanaouza programu za kutuma. Wengi huanza na programu, kwa sababu ndiyo inayotangazwa zaidi, kisha hutafuta orodha ya kuijaza. Mimi nashauri kinyume chake. Barua ya kubisha hodi huishi au hufa kwa kile ulichokijua juu ya mpokeaji kabla ya kuandika, kwa hiyo fedha, au saa zako, ziingie kwanza kwenye utafiti, na programu ije mwisho kama itahitajika.

Kabla ya kulinganisha bei, tukubaliane kipimo. Muuzaji hukutajia bei ya mstari mmoja wa orodha, lakini wewe unalipia mstari unaofaa, yaani ule unaotimiza mambo manne: biashara bado ipo, anwani inapokea barua, anayeisoma anaweza kuamua, na pana dalili inayoonekana kwamba anahitaji kitu unachouza. Mwombe muuzaji mistari 30 ya mfano, aliyoichota bila kuchagua, uikague mmoja mmoja. Kama inayofaa ni 6, basi bei halisi ya mstari ni mara 5 ya ile uliyotajiwa. Anayekataa kutoa mfano ameshakujibu.

Ya kwanza: orodha unayoitengeneza mwenyewe

Kwa mistari 50 au 60 ya mwanzo, hakuna unachoweza kununua kinachoishinda njia hii. Tenga kama dakika 10 kwa kila biashara, yaani biashara 6 kwa saa, na orodha ya 60 itakugharimu saa 10. Ni nyingi, lakini katika saa hizo unajifunza lugha ya wateja wako, malalamiko yao na majina wanayoyapa matatizo yao, na hayo hayamo katika faili lolote linalouzwa.

Tuchukue mfano wa mtu anayeweka fomu za miadi kwenye tovuti za kliniki ndogo za meno. Anafungua ukurasa wa kliniki kwenye ramani ya mtandaoni, anasoma maoni ya wagonjwa kuanzia mapya, na anatafuta malalamiko ya simu zisizopokelewa. Kisha anafungua tovuti ya kliniki na kutazama jinsi mgonjwa anavyoweka miadi. Akikuta namba ya simu peke yake, amepata dalili mbili zinazoshikana. Akikuta fomu tayari ipo na inafanya kazi, anaifuta kliniki hiyo papo hapo, hata kama anwani yake ilipatikana kwa urahisi. Mwisho anatafuta jina la mwenye kliniki katika ukurasa wa watumishi, na anwani katika ukurasa wa mawasiliano.

Jedwali lake lina safu tano tu: jina la biashara, mwenye uamuzi, anwani, dalili aliyoiona na tarehe aliyoiona. Safu ya dalili ndiyo yenye thamani, na aiandike kwa maneno kamili, si kwa alama ya ndiyo au hapana: «Maoni matatu ya simu za jioni kutopokelewa, mawili ya mwezi uliopita, tovuti ina simu pekee.» Sentensi hiyo, ikipanguswa kidogo, ndiyo mwanzo wa barua.

Ya pili: mtafiti unayemlipa kwa kila mstari

Ukishaifanya kazi hii mwenyewe mara moja, unaweza kumkabidhi mtu mwingine, na usibadili mpangilio huo. Asiyewahi kutafuta mistari 60 kwa mkono wake hajui kuagiza, wala hawezi kutambua mstari uliobuniwa. Lipa kwa mstari uliokubalika badala ya saa, na dai kila dalili iambatane na kiungo cha ukurasa ilikoonekana. Agiza kwanza mistari 10, uikague yote, na urudishe isiyofaa pamoja na sababu zake. Kosa ninalolikuta mara nyingi kwa watafiti si uvivu bali ni dalili za jumla, kama «tovuti yao ni ya kizamani», ambazo zingeweza kuandikwa bila kufungua tovuti yenyewe.

Ya tatu: usajili wa hifadhidata ya anwani

Huduma hizi hulipiwa kwa mwezi, na kila anwani unayoifungua hukatwa katika salio lako. Zinafaa kwa kampuni kubwa, ambako anwani za wafanyakazi hufuata muundo mmoja na vyeo vyao vimetangazwa hadharani. Biashara ndogo haziko hivyo. Mwenye duka au kliniki mara nyingi hutumia anwani moja ya jumla, inayoanza kwa `info@`, au kikasha cha bure kisicho na jina la biashara, na hifadhidata hubaki kukisia. Anwani hiyo ya jumla isikuvunje moyo: katika biashara ya watu watatu, anayeifungua huenda ndiye mwenyewe.

Kitu kimoja cha aina hii kinachostahili kununuliwa ni salio dogo la kuthibitisha anwani. Huduma hiyo huuliza seva ya mpokeaji kama kikasha kipo, bila kutuma barua. Jua mpaka wake: vikoa vingine, yaani majina yanayofuata alama ya @ katika anwani, hupokea kila kitu, kiwepo kikasha au kisiwepo, na hapo jibu litakuwa «haijulikani». Mistari ya namna hiyo itume michache kwa siku, na ikirudi na alama ya `550 5.1.1`, maana yake mpokeaji hayupo, uifute bila kujaribu tena.

Ya nne: orodha iliyotengenezwa tayari

Usiinunue. Niliwahi kununua moja mwanzoni mwa kazi hii, nikavutwa na wingi wake, na asubuhi ya kwanza nilishinda nikifungua barua zilizorudi. Hasara haikuwa bei ya orodha, bali kikoa changu. Seva zinazopokea barua hukumbuka anayetuma kwa anwani zisizokuwepo, na baada ya hapo hata barua za wateja wangu wa zamani zikawa zinaangukia kwenye taka. Isitoshe, orodha ile ile imeuzwa kwa wengine, kwa hiyo waliomo wamechoka kabla hujabisha hodi.

Barua ya kwanza

Kwa mistari 10 kwa siku huhitaji programu yoyote. Kikasha cha kawaida chenye jina la kikoa chako kinatosha. Sharti uthibitisho wa kikoa uwe umewekwa, yaani SPF, DKIM na DMARC, mipangilio ya kikoa inayoisaidia seva ya mpokeaji kujua kwamba barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024, Gmail inamtaka kila mtumaji awe na angalau kimojawapo kati ya viwili vya kwanza, na wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku wawe na vyote vitatu. Wewe mdogo viweke vyote tangu mwanzo. Kukagua kama cha tatu kipo ni amri moja katika dirisha la amri la kompyuta, ukiweka kikoa chako mahali pa huu wa mfano:

```
dig +short TXT _dmarc.example.com
```

Jibu likiwa tupu, hakipo. Sasa turudi kwa kliniki yetu. Kichwa cha barua ni «Simu za miadi za jioni», na barua yenyewe ni hii:

«Habari za kazi, Daktari. Katika maoni ya wagonjwa wenu nimeona watatu, wawili kati yao wa mwezi uliopita, wakisema walipiga simu jioni kuomba miadi na haikupokelewa. Tovuti yenu nayo inawapa njia hiyo hiyo moja ya simu. Kazi yangu ni kuweka fomu ya miadi kwenye tovuti za kliniki ndogo, ikiandika moja kwa moja katika kalenda mnayoitumia sasa. Je, yupo anayewarudia wapigaji hao asubuhi? Ikiwa jambo hili halina haja kwenu, nijibu ‹hapana›, nami sitaandika tena.»

Angalia kwamba barua haiombi kikao cha dakika 30. Inauliza swali ambalo mwenye kliniki anaweza kulijibu kwa sentensi moja akiwa amesimama. Haina kiambatisho, haina picha, na sifa za mwandishi hazimo. Chini yake weka jina lako kamili na anwani ya posta. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 iitwayo CAN-SPAM, kwa mfano, hudai anwani hiyo pamoja na njia ya kujitoa, na haiziachi nje barua za biashara kwa biashara. Nchi nyingine zina masharti makali zaidi, na sheria ya kuisoma ni ile ya aliko mpokeaji.

Lini kurudi

Barua mbili za kufuatilia zinatosha. Barua ya mwanzo ikitumwa Jumatano, ya pili iende Jumanne inayofuata, baada ya siku 4 za kazi, na ya tatu Alhamisi ya wiki ya tatu, baada ya siku nyingine 7 za kazi. Nafasi ya pili ni ndefu makusudi, kwani aliyekuwa na wiki ngumu atakuwa ameimaliza. Zote ziwe majibu ndani ya barua ile ile ya mwanzo, ili msomaji asilazimike kutafuta ulichosema, na kila moja ilete kitu kipya. Kwa kliniki yetu, ya pili inaweza kubeba picha moja ya fomu ilivyo kwenye simu, na ya tatu ikasema wazi kuwa ndiyo ya mwisho. «Nakukumbusha tu» si kitu kipya.

Hapa ndipo hesabu ya programu inapoingia. Ukituma barua mpya 10 kila siku ya kazi bila kukoma, kufikia wiki ya tatu utakuwa unatuma hadi 30 kwa siku, kwa sababu za kufuatilia zinajilundika juu ya mpya. Hapo jedwali huanza kukuponyoka, na programu inastahili bei yake. Chagua yenye mambo mawili: inasitisha ufuatiliaji mara tu mpokeaji anapojibu, na inatuma ndani ya mazungumzo yale yale. Usilipe ziada kwa kupimiwa barua zilizofunguliwa, kwa kuwa tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha ndogo ya kupimia iliyofichwa ndani ya barua hata kama mtu hajaisoma barua, na namba unayoonyeshwa haina maana.

Majibu ya mashine ya likizo yasomwe kwa macho, kwa sababu hutaja tarehe ya kurudi. Isogeze barua yako ya pili hadi siku 2 za kazi baada ya tarehe hiyo. Na anayejibu «si sasa, labda baada ya ukarabati wa jengo» muulize mwezi, uuandike katika safu ya sita ya jedwali, kisha umwondoe katika ufuatiliaji wote hadi mwezi huo ufike.