TAHADHARI: "Viatu vya wazee visivyoteleza" vinavyosambazwa Moshi na Arusha

Ndugu zangu wa Moshi na Arusha, na hasa nyie mlioko Dar mnaowanunulia wazazi vitu huku nyumbani kwa simu: kuna muuzaji anazungusha kwenye magrupu ya WhatsApp viatu anavyoviita "viatu vya tiba vya wazee, havitelezi kabisa, mzee anavaa mwenyewe". Bei ni 65,000, na hela ya bodaboda juu yako. Vinakuja vyeusi, kahawia na bluu iliyoiva, vina mikanda miwili juu, soli nene nyeupe, na chini kuna michoro myekundu kama ya tairi. Jina la duka sitalitaja kwa sababu linabadilika kila namba ikibadilika. Vitambueni kwa viatu vyenyewe.

Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kiko jirani na soko la Memorial. Jozi za aina hii zimeanza kuletwa kwangu, na malalamiko yanafanana. Niwaeleze ya jozi moja ambayo mwenyewe aliniruhusu niipasue.

Ililetwa na dada mmoja wa Kibosho. Kaka yake alimnunulia mama yao, ambaye amevuka miaka 70 na alishawahi kuanguka uani kipindi cha masika. Dada akaniambia, "Fundi, naomba uifungulie mikanda, mama anasema haifunguki." Nikadhani gundi imegandamana. Kumbe ile mikanda ni pambo! Imeshonwa pande zote mbili, haikutengenezwa ifunguke. Kinachoruhusu mguu uingie ni kipande cha lastiki kilichofichwa chini yake.

Hapo ndipo hatari ilipo, na wengi hawaioni. Asubuhi mguu unaingia bila shida. Jioni mguu wa mzee umevimba, na mama huyu anatumia amlodipini ya presha, dawa ambayo kwa baadhi ya watu huvimbisha miguu na vifundo. Lastiki haimwachii nafasi, kwa hiyo anafanya ambacho kila mzee angefanya: anakanyaga ukuta wa nyuma wa kiatu na kutembea nacho kama malapa. Nilipoubonyeza ule ukuta kwa dole gumba ulilala wote, kwa kuwa ndani ni kitambaa na sponji tu, hakuna kigumu chochote kilichowekwa. Kiatu kisichoshika kisigino humlazimisha mzee kuburuta mguu ili kisimtoke, na mguu unaoburutwa hujikwaa hata kwenye ukingo wa zulia.

Mkanda wa kweli unaufungua mpaka mwisho, na ulimi wa kiatu unalala mbele hadi karibu na vidole, ili mguu ushuke kutoka juu badala ya kusukumwa ndani. Ulio bora unapita kwenye pete ya chuma kisha unarudi kujinatisha. Mwenye vidole vyenye baridi yabisi anauvuta kwa mkono mmoja. Uwe mrefu kiasi kwamba mguu ukivimba bado unabaki urefu wa kutosha wa kunatia. Kunata kukipungua, mara nyingi ni nyuzi za soksi na vumbi vilivyojaa kwenye meno yake, na kitana cha zamani kinavitoa.

Sasa soli. Niliikata kwa kisu kutoka kisigino mpaka vidoleni. Yote ni sponji, ile nyepesi ya kwenye malapa ya bei rahisi, haina raba hata unene wa kadi ya simu. Ile michoro myekundu ni rangi juu ya sponji ileile. Kwenye sakafu kavu sponji hushika vizuri, ndiyo maana mzee akivijaribu sebuleni kila mtu anafurahi. Tatizo ni maji. Sakafu nyingi za huku kwetu ni marumaru, au saruji iliyosuguliwa na kupakwa nta nyekundu, na mlango wa choo au jikoni haukosi unyevu. Sponji ya namna hii, hasa ikishalainika juu kwa kutembelewa, inakwenda kama sabuni.

Mtaniuliza, mbona kwenye video yake anamwaga maji kwenye marumaru na kijana anasimama hatelezi? Itazameni tena. Kijana amesimama wima, uzito wote unashuka chini moja kwa moja. Hata kiatu kibovu hakitelezi hivyo. Mtu huteleza pale kisigino kinapotua kikiwa mbele ya mwili, uzito bado haujakifikia. Ndiyo maana kiatu kizuri cha mzee kina ukingo wa nyuma wa kisigino uliokatwa mshazari kidogo, ili kisigino kikitua, eneo pana la raba liguse sakafu badala ya ukingo mwembamba. Hizi zina kona kali ya mraba.

Jaribio mnaloweza kufanya bila kumhatarisha mzee: ingiza mkono ndani ya kiatu, kiweke juu ya marumaru iliyolowa, kibonyeze kwa nguvu huku ukikisukuma mbele. Raba halisi itakugomea. Hiki cha tiba kilienda mpaka ukutani. Kabla hata ya maji, bonyeza kucha kwenye soli: sponji inabaki na alama, raba inarudi.

Hapa niongeze jambo ambalo wauzaji wazuri pia hulisahau. Kushika kukizidi nako kuna ubaya wake. Mzee anayetembea kwa kuburuta nyayo, kama wenye ugonjwa wa Pakinsoni, akivaa raba inayong'ang'ania mpaka ncha ya mbele, ncha ile inanasa kwenye sakafu na mwili unaendelea mbele peke yake. Kwa mzee wa hivyo tafuteni kiatu ambacho ncha yake imenyanyuka kidogo na mbele kuna raba laini isiyo na meno marefu.

Kilichonikasirisha zaidi ni upana, kwa sababu ukikitazama kwa juu kinaonekana kipana. Dada alinichorea unyayo wa mama yake, amesimama juu ya karatasi. Sehemu pana zaidi, pale kwenye mafundo ya vidole, ilitoka sentimita 9.8. Nilipogeuza kiatu na kupima sehemu inayogusa ardhi nikapata 8.6. Soli inaanza pana juu, kisha inakwenda ikikonda kuelekea chini. Maana yake sehemu ya mguu wa mama ilikuwa inaning'inia hewani pande zote mbili, na chini ya kisigino kuna sponji ya sentimita 4.5. Ni sawa na kusimama juu ya godoro jembamba lililokunjwa. Sponji nene na laini huunyima mguu habari za sakafu, na mzee anayehisi sakafu kwa shida tayari huchelewa zaidi kujirekebisha akiyumba. Soli inayofaa ni ngumu kiasi na nyembamba kwa unene: kisigino kisizidi sentimita 2.5, mbele kama sentimita moja hivi. Sehemu inayogusa ardhi ilingane na unyayo au iuzidi kidogo, hasa nyuma.

Karatasi ile ndiyo silaha yenu mkiwa mbali. Mwambieni aliyeko nyumbani amsimamishe mzee jioni, miguu ikiwa imeshavimba kadiri inavyovimba, akiwa amevaa soksi zake na mtu amemshika. Achore miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja ni mkubwa, na kiatu kinunuliwe kwa ule mkubwa. Akate karatasi, aiweke chini ya soli. Karatasi ikichungulia pembeni, kiatu hicho kiacheni. Ndani, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Ikizidi sana mguu unateleza ndani ya kiatu, na huko nako ni kuteleza.

Muuzaji huyu hajaribishi. Bodaboda anakuja, anapokea hela, anasema "ukishafungua pakiti hatubadilishi", na anaondoka. Dada wa Kibosho alipomtumia picha ya mikanda iliyoshonwa, jibu lilikuwa kwamba hiyo ni "modeli mpya", kisha akafungiwa. Kabla hamjatuma hela kwa muuzaji yeyote wa mtandaoni, mwombeni video fupi ya kiatu kilekile atakachotuma: mkanda unafunguliwa mpaka mwisho, kidole kinabonyeza ukuta wa nyuma, kucha inabonyezwa kwenye soli, rula imewekwa chini ya soli. Ni kazi ya dakika moja. Anayekataa amejijibu mwenyewe. Na aliyelipishwa akafungiwa bila kupata mzigo, namba hiyo itumeni 15040, ile ya TCRA ya kuripoti utapeli.

Najua wengine watasema waende Memorial wakachague mtumba, na kweli pale hupatikana viatu vizuri vya wazee vyenye mikanda ya kweli, kwa hela ndogo kuliko hiyo. Ila angalieni umri. Zipo soli za povu zito ambazo zikikaa miaka zinaoza zenyewe kwa unyevu wa hewa, hata kama kiatu hakijavaliwa. Kwa nje kinang'aa, halafu wiki ya pili soli inamomonyoka kama andazi kavu, mzee akiwa katikati ya njia. Kunjeni kiatu pale kinapokunjika kwenye vidole na mtazame pembeni mwa soli. Mkiona nyufa nyembamba, au unga ukibaki mkononi, rudisheni. Kikikunjika katikati ya unyayo nacho si cha mzee. Kinatakiwa kukunjika mbele tu.

Kwa mzee mwenye vidole vilivyopinda sana, au mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi, msitegemee fundi kama mimi wala duka. Mpelekeni KCMC, waulizieni mafundi sanifu wa viungo bandia, hao wana utaalamu wa viatu vya miguu ya namna hiyo.

Wengi mnaniuliza kama viatu hivi vinaweza kurekebishwa. Mikanda naweza kuikata na kushona ya kweli. Soli haiwezekani. Sponji hii haishiki gundi ya kawaida ya fundi, raba nitakayoibandika itaachia upande mmoja na kuwa kitu kipya cha kujikwaa, na hata ikishika itaongeza urefu juu ya urefu uliokwisha kuzidi. Dada nilimrudishia vipande vyake kwenye mfuko na sikumtoza. Kwa walio navyo bado vizima, wapeni vijana wavae kwenye vumbi, mzee asiviguse.